Joto la anga ni lilelile pande zote, na wanasema hilo ni fumbo. Fumbo liko wapi? (mfumuko wa mwanzo, upeo na ubapa)

#1 Mzungukaji

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Kuna kitu nimesoma nikakirudia na bado hakijaniingia. Wanasema ukipima ule mwanga wa mikrowevu uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, unakuta kelvini 2.725 upande huu wa anga, ukigeuka nyuma yako unakuta 2.725 vilevile. Tofauti zinaanza kuonekana ukifika sehemu moja katika laki moja. Halafu hilo wanaliita fumbo la upeo, na kwamba ndiyo sababu mojawapo ya kuja na nadharia ya mfumuko, ile inayosema ulimwengu ulitanuka ghafla mwanzoni kabisa.

Mimi sioni fumbo. Kama vyote vilitoka mahali pamoja, si lazima vifanane? Wajuzi naomba mnipitishe.

#2 Mkono wa Tatu

Mleta uzi umeshajijibu. Vyote vilikuwa nukta moja, vikachanganyika humo, mlipuko ukavitawanya. Mfumuko ni jina la mlipuko wenyewe, ulikwenda kasi kuliko mwanga. Hakuna fumbo hapo, uzi ufungwe.

#3 Kandili

Mkono wa Tatu, tusifunge kwanza. Hiyo "nukta moja" ndipo watu wengi wanapotelezea. Tuweke namba mezani.

Mwanga anaousema Mzungukaji uliachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi, pale elektroni zilipoingia ndani ya atomu na mwanga ukapata njia ya kupita. Chukua sehemu mbili za anga zinazopingana, moja iko mbele ya uso wako, nyingine iko kisogoni. Siku mwanga huo unaachiwa, sehemu hizo zilikuwa zimeachana miaka ya nuru milioni 84 hivi.

Sasa jiulize: tangu mwanzo hadi siku hiyo, habari yoyote, iwe ni joto au mwanga, ingeweza kufika umbali gani? Kama miaka ya nuru laki tisa, basi. Huo ndio upeo. Sehemu zetu mbili zimeachana karibu mara mia ya umbali huo. Yaani hazijawahi kupeana chochote, wala moja haijawahi kujua kuwa nyingine ipo, lakini joto lao linalingana hadi tarakimu ya tano. Na si hizo mbili tu. Upeo wa siku ile ukiuchora kwenye anga la leo unachukua nyuzi mbili hivi, mara nne ya upana wa mwezi. Anga zima limejaa viraka vya ukubwa huo ambavyo havikuwa na namna ya kukubaliana, na vyote vimekubaliana.

#4 Mwanagenzi wa Nakuru

Kandili hapo nimekushika. Ulimwengu una miaka 380,000, mwanga umesafirije miaka ya nuru laki tisa? Ama hesabu za Tanzania ni tofauti na zetu huku?

#5 Kandili

Haha, hesabu ni moja jirani. Mwanga unaposafiri, ile njia ambayo umeshaipita inaendelea kutanuka nyuma yake. Kwa hiyo ukipima mwishoni, umbali kutoka ulikoanzia ni mkubwa kuliko muda mara kasi. Ulimwengu uliojaa mnururisho mtupu, yaani nishati ya mwanga, unakupa mara mbili kamili, na maada ikitawala unakupa mara tatu. Kwenye miaka 380,000 tuko katikati ya hizo mbili, ndiyo tunapata laki tisa hivi.

#6 Mkono wa Tatu

Sawa, lakini hujajibu hoja yangu. Hizo milioni 84 ni za baadaye. Mimi nasema mwanzoni kabisa, vilipokuwa vimebanana, hapo ndipo vilipochanganyika. Rudi nyuma ya kutosha utaona.

#7 Kandili

Nimefurahi umesema "rudi nyuma ya kutosha", maana ndicho tutakachofanya.

Rudi hadi umri wa sekunde moja. Eneo lote tunaloliona leo, galaksi zote, lilikuwa na upana wa miaka ya nuru 20 hivi. Ni padogo kweli. Lakini mwanga ulikuwa umesafiri sekunde mbili za nuru tu. Gawanya hiyo miaka 20 kwa sekunde mbili: upana ni karibu mara milioni 300 ya upeo. Kwenye miaka 380,000 ilikuwa mara mia. Tumerudi nyuma na hali imekuwa mbaya zaidi.

Rudi tena hadi 10⁻³⁶ ya sekunde, tukichukulia kwamba muda wote huo ulimwengu ulikuwa ni mnururisho wa moto wa kawaida. Eneo letu lote sasa lina upana wa sentimita 20 hivi, unaweza kulishika mkononi. Upeo ni 6 × 10⁻²⁸ ya mita. Uwiano umefika 3 × 10²⁶.

Sababu ni hii: katika ulimwengu wa mnururisho, muda ukiugawa kwa 100, umbali kati ya vitu unagawanyika kwa 10 tu, ila upeo unagawanyika kwa 100. Upeo unanywea haraka kuliko vitu vinavyokaribiana. Kwa hiyo hata urudi nyuma vipi, hufiki mahali ambapo vimo ndani ya upeo mmoja. Vinabanana, lakini vinabanana vikiwa wageni. Mwanzoni utanukaji ulikuwa mkali mno, mvutano ulikuwa haujaupunguza kasi, na mwanga ulikuwa unaachwa.

#8 Mzungukaji

Aisee. Kumbe tatizo si umbali, ni muda. Hakukuwa na muda wa kuchanganyika.

#9 Fundi Madishi

Naomba kuingilia kidogo. Mimi nafunga madishi na antena, miaka mingi sasa. Tulipokuwa vijana tuliambiwa zile chenga za televisheni za zamani kuna asilimia moja hivi inatoka huko mwanzo wa ulimwengu. Sasa mimi nikielekeza dishi kwenye anga tupu, mita yangu inapungua. Nikilielekeza chini kwenye udongo au ukutani, inapanda. Lakini hiyo kelvini 2.7 sijawahi kuiona. Je, tatizo ni kifaa changu au mnanidanganya?

#10 Kandili

Fundi, hakuna anayekudanganya. Ardhi ina kelvini 290 hivi, ndiyo maana mita inapanda ukielekeza chini. Ukielekeza juu unabaki na kelele ya kifaa chenyewe, ambayo kwa dishi la nyumbani ni makumi ya kelvini, na hewa nayo inaongeza yake. Kelvini 2.7 inazama humo.

Wanasayansi Penzias na Wilson pale Holmdel, New Jersey, mwaka 1964 walikuwa na antena kubwa ya pembe, na walikuwa wanalinganisha anga na chombo kilichopozwa kwa heliamu ya maji. Ndiyo maana waliweza kusema kwa uhakika kwamba kuna kelvini 3.5 hivi za ziada zisizo na mwenyewe, kila wanakoelekeza, kila majira. Hata kinyesi cha njiwa walikisafisha wakidhani ndicho chanzo. Kazi ya fundi kabisa.

#11 Mtumishi wa Kweli

Nimesoma kichwa cha habari, "ubapa". Kwa hiyo wanasayansi sasa wamekubali dunia ni bapa? Sisi tulisema zamani mkatucheka.

#12 Shangazi Hesabu

Mtumishi mwanangu, dunia ni tufe na imebaki tufe. Hapa linasemwa umbo la nafasi yenyewe, kwa pande zote tatu: je, ukichora pembetatu kubwa ya kupita kati ya galaksi, pembe zake zinajumlisha 180, au zinazidi, au zinapungua? Zikitoa 180 tunaita bapa.

Na hilo limepimwa. Katika ule mwanga wa masalia kuna madoa ya joto na ubaridi ambayo ukubwa wake halisi tunaujua, kwa sababu ni umbali ambao mawimbi ya sauti yaliweza kusafiri ndani ya ule moto kabla ya mwanga kuachiwa. Umbali hadi kwenye madoa tunaujua. Nafasi ingekuwa imejikunja ndani, madoa yangeonekana makubwa kuliko inavyopaswa. Ingekuwa imejikunja kwa upande mwingine, yangeonekana madogo. Puto la BOOMERanG liliruka juu ya Antaktika mwishoni mwa 1998, matokeo yakatoka 2000: madoa yana nyuzi moja hivi, vilevile kama nafasi bapa inavyotaka. Setilaiti ya Planck baadaye ikapunguza nafasi ya kukosea sana. Leo kama kuna mkunjo wowote, ni chini ya asilimia moja.

#13 Mwanagenzi wa Nakuru

Na hilo nalo ni fumbo kivipi? Bapa ni bapa tu, inanikera nini mimi?

#14 Shangazi Hesabu

Inakera kwa sababu ubapa hauna subira. Kuna msongamano fulani wa maada na nishati ambao nafasi ikiwa nao inakuwa bapa. Kwa leo ni kama uzito wa protoni tano kwa kila mita ya ujazo. Ulimwengu ukizidi kidogo tu mwanzoni, ule mzidio unakua kadiri muda unavyokwenda na ulimwengu unajikunja na kuporomoka mapema. Ukipungua kidogo, upungufu unakua, vitu vinatawanyika kabla nyota hazijapata nafasi ya kuumbika. Katika kipindi cha mnururisho kosa linakua sambamba na muda: muda ukizidi mara elfu, kosa limezidi mara elfu.

Sasa rudi nyuma kutoka leo, tunapojua kosa ni chini ya asilimia moja. Ulimwengu ukiwa na umri wa sekunde moja, kosa lilipaswa kuwa chini ya sehemu moja katika milioni mara milioni mara milioni. Tarakimu kumi na nane zinapangwa sawasawa na nani? Mwanafizikia Robert Dicke alikuwa anawasumbua watu na swali hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana wa fizikia, Alan Guth, alimsikia kwenye mhadhara pale Cornell mwaka 1978, na mwenyewe amesimulia kwamba lilimbaki kichwani.

#15 Mtumishi wa Kweli

Zinapangwa na Muumba. Jibu mnalo, mnazunguka tu.

#16 Mzungukaji

Mtumishi tunaheshimu, lakini hata Muumba anaweza kuwa na njia, na sisi tunauliza njia. Kandili endelea, mfumuko unaingiaje hapo?

#17 Kandili

Desemba 1979 Guth alikuwa kwenye maabara ya SLAC, California, anashughulika na tatizo jingine kabisa: nadharia za kuunganisha nguvu za asili zilikuwa zinatabiri chembe nzito za sumaku zenye ncha moja, nyingi mno, na hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Akijaribu kuzipunguza, akajiuliza nini kingetokea kama ulimwengu ungekwama kwa muda katika hali yenye nishati ambayo haipungui hata nafasi ikitanuka.

Kawaida nafasi ikitanuka, vilivyomo vinatawanyika, nishati kwa kila mita ya ujazo inapungua, na utanukaji unapoa. Lakini nishati ya uga uliokwama, yaani kitu kinachojaza nafasi yote, haitawanyiki. Kila mita mpya inayozaliwa inakuja na nishati yake ileile. Kwa hiyo kasi haipoi. Nafasi inajirudufu, kisha inajirudufu tena kwa muda uleule, na tena.

Sasa rudini kwenye ile namba ya #7, 3 × 10²⁶. Kiraka cha 6 × 10⁻²⁸ ya mita kilikuwa ndani ya upeo wake, kilikuwa na muda wa kulingana joto. Kikijirudufu mara 88 tu, kinafika sentimita 20 tunazozihitaji. Kama kujirudufu kulianza kwenye 10⁻³⁶, zoezi lote linachukua kama 10⁻³⁴ ya sekunde. Kisha ule uga unaporomoka, nishati yake inamwagika kuwa chembe na joto, na kuanzia hapo ni ule ulimwengu wa moto wa siku zote. Mkono wa Tatu, kwa hiyo mfumuko si jina jingine la mlipuko. Ule moto tuliozoea kuuita mlipuko unaanza pale mfumuko unapokoma.

Na ubapa unakuja bure. Wakati wa mfumuko lile kosa la Shangazi linapungua badala ya kukua, na linapungua kwa mraba wa utanukaji. Mraba wa 3 × 10²⁶ ni karibu 10⁵³. Uanze umejikunja unavyotaka, utatoka hapo bapa.

#18 Mkono wa Tatu

Sentimita 20 ndani ya 10⁻³⁴, hiyo si kasi kuliko mwanga? Si ndivyo nilivyosema mwanzo? Einstein anasemaje?

#19 Kandili

Hapo uko nusu sawa. Umbali kati ya pande mbili uliongezeka haraka kuliko mwanga ungeweza kuuvuka, hilo ni kweli. Ila hakuna kitu kilichompita mwanga mahali pake. Katazo la Einstein ni la kitu kinachopita ndani ya nafasi, si la nafasi kuongezeka kati ya vitu. Tena hata utanukaji wa kawaida una hali hiyo, zipo galaksi leo zinazoachana nasi kwa kasi zaidi ya mwanga. Kinachoutofautisha mfumuko ni kuongeza mwendo. Utanukaji unaopoa hukusanya vitu zaidi na zaidi ndani ya upeo. Unaoongeza mwendo huvitoa nje. Vilikuwa vinajuana, vikatolewa nje, na sasa vinarudi kuonekana mmoja mmoja. Sisi tulioviona vikirudi tulidhani ni wageni.

#20 Shangazi Hesabu

Kandili umeeleza vizuri, lakini unauza duka bila kuonyesha madeni. Toleo la kwanza la Guth, lililotoka Januari 1981, halikufanya kazi, na yeye mwenyewe aliandika hivyo ndani ya makala hiyohiyo. Uga ulikuwa unatoka kwenye kukwama kwa mapovu yanayozuka huku na kule, na nafasi kati ya mapovu inatanuka haraka mno, mapovu hayakutani. Unabaki na ulimwengu wa viraka, kinyume cha ulichokitafuta. Mwaka 1982 Linde kule Moscow, na Albrecht pamoja na Steinhardt kule Marekani, wakaja na uga unaoteremka polepole badala ya kukwama, na ulimwengu wetu wote ukatoshea ndani ya povu moja. Starobinsky naye alikuwa ameshatoa mfano wake wa 1980 kwa njia tofauti kabisa.

Deni la pili ni kubwa zaidi. Ili mfumuko uanze unahitaji kiraka ambacho tayari kina usawa wa kutosha. Mwanahisabati Penrose amelisema hili miaka mingi: unaeleza usawa kwa kuanza na usawa. Na la tatu, katika mifano mingi mfumuko ukianza haukomi kila mahali. Unakoma hapa, unaendelea kule, unazaa maeneo yasiyo na hesabu yenye sifa za kila aina. Steinhardt huyohuyo aliyeusaidia kuzaliwa sasa ndiye mpinzani wake mkubwa, na anauliza: nadharia inayoruhusu kila kitu inatabiri nini?

#21 Kandili

Shangazi madeni nayakubali, la Penrose hasa. Lakini kuna mali pia. Mafumbo ya upeo na ubapa yalijulikana kabla, kwa hiyo kuyajibu si utabiri. Utabiri ulikuja 1981 na 1982, Mukhanov na Chibisov, kisha kikundi kilichokutana Cambridge: mitikisiko midogo ya kikwantamu ingevutwa na mfumuko hadi kuwa mbegu za galaksi, na nguvu yake ingekuwa karibu sawa kwa saizi zote, ila si sawa kabisa. Usawa kamili ungekuwa na namba 1. Mifano mingi rahisi ilitaka chini kidogo. Planck imepata 0.965, na kukosea kwake ni 0.004. Hapo 1 iko mbali.

Halafu kuna lile la mgeuko wa mawimbi ya mwanga wa masalia, yaani upande ambao mawimbi hayo yanatikisikia. Setilaiti ya WMAP ilionyesha kwamba mitikisiko mikubwa kuliko upeo wa siku ile tayari ilikuwepo na imepangika. Kitu kinachozaliwa ndani ya upeo hakiwezi kufanya hivyo. Lazima kuna jambo lilitangulia.

#22 Shangazi Hesabu

Jambo lilitangulia, ndiyo. Kwamba jambo hilo ni mfumuko ndiyo sijasadiki. Wapo wanaosema ulimwengu ulisinyaa polepole kwanza kisha ukageuka kutanuka, nao wanapata muda wa kulinganisha joto na wanapata mbegu zenye mwelekeo uleule.

#23 Mzungukaji

Sasa mnatenganishaje hizo mbili? Kuna kipimo?

#24 Kandili

Kipo. Mfumuko mkali unatikisa nafasi yenyewe na kuacha mawimbi ya mvutano, na mawimbi hayo yanaacha mzunguko fulani kwenye mgeuko wa mwanga wa masalia. Mifano ya kusinyaa polepole kwa kawaida haitoi kitu cha kuonekana. Machi 2014 timu ya darubini ya BICEP2 pale Ncha ya Kusini ilitangaza imeuona, nguvu yake 0.2 ikilinganishwa na mitikisiko ya kawaida. Dunia nzima ilishangilia. Januari 2015 walipounganisha data na Planck, ishara ikayeyuka: sehemu kubwa ilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe, ambalo nalo linatoa mwanga wenye mgeuko.

#25 Fundi Madishi

Ngoja. Walipima kwa masafa mangapi?

#26 Kandili

Moja tu, gigahezi 150.

#27 Fundi Madishi

Mkuu, mtu akiniletea lalamiko la kelele napima masafa mawili au matatu kwanza. Chanzo kimoja kinapanda na masafa, kingine kinashuka. Kwa masafa mamoja huwezi kujua kelele ni ya nani.

#28 Kandili

Na ndivyo ilivyokuwa. Vumbi linang'aa zaidi kadiri masafa yanavyopanda, na Planck ilikuwa na gigahezi 353 ambako vumbi linaonekana wazi. Waliichukua ramani hiyo, wakaishusha hadi 150, wakatoa. Siku hizi kikundi hichohicho kinapima 95, 150 na 220. Matokeo ya 2021 yanasema nguvu hiyo ni chini ya 0.036. Mifano rahisi iliyopendwa zamani imeondoka. Ule wa Starobinsky wa 1980 umebaki, maana unataka 0.003 au 0.004 tu.

#29 Shangazi Hesabu

Na wakifika 0.001 wasione kitu, utasema mfumuko umekufa?

#30 Kandili

Nitasema wa Starobinsky umekufa. Ipo mifano inayoshuka chini ya hapo.

#31 Shangazi Hesabu

Ndiyo nilichokuwa nakuuliza tangu #20.

#32 Mwanagenzi wa Nakuru

Kandili jibu hilo, tuko hapa.